Mirihi Iko Kilomita Ngapi Kutoka Hapa?

Katika mazoezi ya shule kuhusu mfumo wa jua kuna swali ambalo halikosekani: "Tafuta umbali kati ya Dunia na Mirihi kwa kilomita." Juu ya swali hilo huwa kuna jedwali dogo lenye majina ya sayari na umbali wa kila moja kutoka kwenye Jua. Umbali huo haukuandikwa kwa kilomita. Umeandikwa kwa kipimo kiitwacho kizio astronomia, ambacho alama yake ni au. Mwanafunzi anapaswa kuchukua namba za jedwali, kuzigeuza kuwa kilomita, kisha kutoa jibu.

Wape wanafunzi watatu swali hilo, nawe unaweza kupata majibu matatu. Wa kwanza ataandika kilomita milioni 78. Wa pili, aliyewahi kusoma habari za Mirihi kuikaribia Dunia mwezi Agosti 2003, ataandika milioni 56. Wa tatu ataandika milioni 378 na kueleza kwa utulivu jinsi alivyoipata. Ukizikagua hesabu zao utaona kwamba wote wamezidisha sawasawa. Tofauti imetokana na swali lenyewe, ambalo halikusema ni umbali upi unaotafutwa.

Kubadili vizio astronomia kuwa kilomita ni kazi ya kuzidisha mara moja tu. Kinachohitaji akili ni mambo mawili yanayoizunguka kazi hiyo: ni tarakimu ngapi za jibu zinazostahili kuaminiwa, na neno "kati ya" lina maana gani kwa vitu ambavyo havitulii mahali pamoja.

Kipimo kilichotangulia kilomita

Mzazi anayemsaidia mtoto kazi za nyumbani huuliza, na ana haki kuuliza, kwa nini jedwali lisiandikwe kwa kilomita tangu mwanzo. Sababu mojawapo ni kwamba kilomita za anga ni nyingi mno kwa macho, na namba kama 30.07 ni rahisi kuisoma kuliko 4,498,000,000. Lakini sababu kubwa zaidi imo katika historia. Wataalamu wa nyota walijua uwiano wa umbali wa sayari muda mrefu kabla ya mtu yeyote kujua umbali huo kwa maili au kilomita.

Mwaka 1619 Mjerumani Johannes Kepler alichapisha kanuni inayounganisha muda ambao sayari huchukua kulizunguka Jua na umbali wake kutoka kwenye Jua. Ukipima muda kwa miaka ya Dunia, na umbali kwa kutumia umbali wa Dunia kama kipimo cha 1, basi muda ukijizidisha mara mbili unalingana na umbali ukijizidisha mara tatu. Mirihi hulizunguka Jua kwa miaka 1.881. Zidisha 1.881 kwa 1.881, utapata takriban 3.54. Sasa tafuta namba ambayo ikijizidisha mara tatu hutoa 3.54. Namba hiyo ni 1.524. Kwa hiyo Mirihi iko mbali na Jua mara 1.524 kuliko Dunia. Tumelijua hilo kwa kuhesabu siku, bila kupima umbali wowote.

Hivyo Kepler na waliomfuata walikuwa na ramani nzima ya mfumo wa jua yenye uwiano sahihi, ila ramani hiyo haikuwa na skeli. Ilitosha kupata umbali mmoja tu kwa vipimo vya kawaida, na mwingine wote ungejulikana papo hapo. Mwaka 1672 Giovanni Cassini akiwa Paris na Jean Richer akiwa Kayene, Amerika ya Kusini, waliitazama Mirihi kutoka sehemu hizo mbili na kulinganisha ilivyoonekana kusogea mbele ya nyota za nyuma yake. Kutokana na kazi hiyo, umbali wa Dunia na Jua ulikadiriwa kuwa karibu kilomita milioni 140. Baadaye, mwaka 1761 na 1769, wataalamu walitawanyika duniani kutazama Zuhura ikipita mbele ya uso wa Jua. Mwaka 1771 Mwingereza Thomas Hornsby alitumia vipimo vya 1769 na kupata maili 93,726,900, yaani karibu kilomita milioni 150.8. Hesabu yake ilizidi ukweli kwa chini ya asilimia moja. Mwaka 1961 mawimbi ya rada yalirushwa hadi Zuhura na mwangwi wake ukapokelewa Duniani, na tangu hapo kipimo kikawa sahihi kuliko ambavyo darubini peke yake ingeweza kukifanya.

Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, ulipokutana Beijing, uliamua kwamba kizio astronomia kimoja ni mita 149,597,870,700 kamili. Kwa kilomita ni 149,597,870.7. Namba hiyo haitapimwa tena, kwa kuwa sasa imewekwa kwa makubaliano, kama vile mita 1,000 zilivyowekwa kuwa kilomita moja. Dunia yenyewe haikai daima kwenye umbali huo. Mwanzoni mwa Januari huwa karibu kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai huwa karibu milioni 152.1. Kizio ni rula, na rula haibadiliki Dunia inaposogea.

Kuzidisha bila kupoteza sifuri

Kwa kazi ya shule, rula hiyo hukadiriwa kuwa kilomita 149,600,000. Kanuni ni hii:

umbali kwa km = umbali kwa au × 149,600,000

Hatari ya kwanza ni sifuri. Mwanafunzi akiandika 1,496,000 mahali pa 149,600,000, Mirihi inakuwa karibu mara mia kuliko ilivyo. Vikokotoo vidogo vinaongeza tatizo. Kikokotoo chenye nafasi nane hakiwezi hata kuingiza 149,600,000, kwa sababu namba hiyo ina tarakimu tisa. Mwanafunzi atabonyeza sifuri ya mwisho, kioo hakitaipokea, naye ataendelea bila kujua kwamba alichoingiza ni 14,960,000. Jibu lake litakuwa sehemu ya kumi ya jibu sahihi, na kila hatua itakayofuata itaonekana haina kasoro.

Dawa yake ni kufanya hesabu kwa mamilioni. Andika 149.6 badala ya 149,600,000, zidisha, kisha weka neno "milioni" baada ya jibu. Kwa Mirihi:

1.524 × 149.6 = 227.99

Hivyo Mirihi iko wastani wa kilomita milioni 228 kutoka kwenye Jua. Kwa Neptuni, iliyo kwenye au 30.07:

30.07 × 149.6 = 4,498.47

Hizo ni kilomita milioni 4,498, na kwa kuwa milioni elfu moja ni bilioni moja, tunaweza kusema kilomita bilioni 4.5. Vikokotoo vya sekondari huweza kuonyesha jibu kama hilo kwa umbo la 4.498×10⁹, na vingine huandika E9 mwishoni. Tisa hiyo inaeleza nukta ya desimali isogezwe nafasi tisa kulia. Mwanafunzi asiyefundishwa hilo hunakili 4.498 na kuacha mengine yote, kisha Neptuni inakuwa kilomita nne na nusu kutoka kwenye Jua, umbali ambao mtu anautembea kwa saa moja.

Tukizidisha jedwali lote kwa njia hiyo, tunapata umbali wa wastani kutoka kwenye Jua kama ifuatavyo:

Utaridi: au 0.387, kilomita milioni 57.9
Zuhura: au 0.723, kilomita milioni 108
Dunia: au 1, kilomita milioni 149.6
Mirihi: au 1.524, kilomita milioni 228
Mshtarii: au 5.20, kilomita milioni 778
Zohali: au 9.54, kilomita bilioni 1.43
Uranusi: au 19.19, kilomita bilioni 2.87
Neptuni: au 30.07, kilomita bilioni 4.50

Kuna njia rahisi ya kulikagua jedwali hili bila kurudia hesabu. Utaridi na Zuhura ziko ndani ya njia ya Dunia, kwa hiyo kilomita zake lazima ziwe chini ya milioni 149.6. Sayari nyingine zote lazima zizidi hapo. Mwanafunzi aliyegawanya badala ya kuzidisha atanaswa mara moja, kwa sababu Mirihi yake itaangukia milioni 98, ndani zaidi hata ya Zuhura. Ukaguzi wa pili ni kutumia 150 kichwani: Mshtarii ni tano na kidogo, tano mara 150 ni 750, basi jibu liwe juu ya milioni 750 kwa kiasi kidogo. Likitokea milioni 77 au bilioni 7.7, kuna sifuri iliyopotea au iliyozidi.

Tarakimu ambazo hatuna haki nazo

Sasa chukua mwanafunzi hodari mwenye kikokotoo kikubwa. Karatasi yake inasema Mshtarii iko au 5.2. Yeye anaijua thamani kamili ya kizio na anaitumia:

5.2 × 149,597,870.7 = 777,908,927.64

Anaandika kilomita 777,908,927.64 na anaamini jibu lake limemzidi mwenzake aliyeandika milioni 778. Hajui kwamba amedai kitu ambacho karatasi haikumpa. Namba 5.2 imekadiriwa kwa nafasi moja ya desimali, maana yake umbali halisi unaweza kuwa popote kati ya 5.15 na 5.25. Badili ncha hizo mbili kuwa kilomita: 5.15 inatoa milioni 770 na 5.25 inatoa milioni 785. Shaka iliyofichwa ndani ya 5.2 ni pana kiasi cha kilomita milioni 15. Kuandika hadi sehemu za mia za kilomita wakati shaka yako ni milioni 15 ni kumdanganya msomaji wa jibu lako, hata kama kikokotoo hakikukosea.

Kanuni ya kufuata ni kwamba jibu lisiwe na tarakimu nyingi kuliko namba uliyopewa. Ukipewa 5.2, yenye tarakimu mbili, jibu ni kilomita milioni 780. Ukipewa 5.20, yenye tarakimu tatu, jibu ni milioni 778. Sifuri ya mwisho kwenye 5.20 si pambo, kwa sababu inaeleza kwamba aliyepima amehakikisha hadi hapo. Sifuri zilizo mbele ya tarakimu ya kwanza, kama ile ya 0.387, hazihesabiwi.

Zohali inaonyesha kwa nini tahadhari hiyo inahitajika. Vitabu vingine huandika au 9.54, vingine 9.58, na mwalimu akikutana na tofauti hiyo hudhani kimoja kimechapwa vibaya. Ukweli ni kwamba Mshtarii huivuta Zohali na kuibadilisha njia yake kidogo kidogo, hivyo thamani inategemea tarehe ambayo njia hiyo ilikokotolewa. Tofauti ya 0.04 ni karibu kilomita milioni 6. Kwa tarakimu mbili, namba zote mbili zinatoa kilomita bilioni 1.4, na hakuna ugomvi. Ugomvi huzuka pale tu mtu anapotaka tarakimu tisa kutoka kwenye kitu kisichotoa zaidi ya mbili au tatu.

Hapohapo lazima nionye dhidi ya kosa la upande wa pili, yaani kukadiria mapema mno. Tuseme swali linataka pengo kati ya njia ya Zuhura na njia ya Dunia. Mwanafunzi anayekadiria 0.723 kuwa 0.7 kabla ya kutoa atapata 0.3, ambayo ni kilomita milioni 44.9. Anayeacha 0.723 kama ilivyo atapata 0.277, yaani milioni 41.4. Kilomita milioni tatu na nusu zimeongezeka kwa sababu ya kukadiria kabla ya wakati. Namba mbili zilizokaribiana zinapotolewa, kosa dogo lililokuwa ndani ya kila moja huwa kubwa ndani ya tofauti yake. Basi fanya hesabu yote kwa namba za jedwali, na ukadirie mwishoni tu.

Kwa sababu hiyohiyo ni bora kutoa kwanza kwa vizio, kisha kuzidisha mara moja. Kutoa 1 kwenye 1.524 ni jambo la kichwani. Kutoa 149,600,000 kwenye 227,990,400 hutoa jibu lilelile, lakini hufungua milango tisa ya kukosea.

"Kati ya" maana yake nini?

Tunafika kwenye swali la Mirihi. Wengi hutoa tu: 1.524 − 1 = 0.524, kisha 0.524 × 149.6 = 78.4. Jibu: kilomita milioni 78. Picha ya kitabuni inawaunga mkono, kwa maana sayari nane zimepangwa kwenye mstari mmoja kutoka kwenye Jua, na kati ya ya tatu na ya nne kuna nafasi ndogo inayoweza kupimwa kwa rula.

Kutoa namba za umbali kunafaa pale tu vitu vinapokuwa kwenye mstari mmoja na upande mmoja. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa barabara ni karibu kilomita 190, na hadi Dodoma ni karibu 450. Tofauti ya 260 ni umbali halisi wa Morogoro hadi Dodoma, kwa sababu anayekwenda Dodoma hupita Morogoro. Lakini Tanga iko karibu kilomita 350 kutoka Dar es Salaam, na hakuna atakayesema Morogoro hadi Tanga ni kilomita 160 kwa kuwa 350 kutoa 190 ni 160. Barabara ya Tanga imekwisha kuchepuka kaskazini. Jedwali la sayari linatupa umbali kutoka kwenye Jua peke yake. Halituambii kila sayari iko upande gani.

Na sayari hazikai upande mmoja. Dunia hulizunguka Jua kwa mwaka mmoja, Mirihi kwa karibu miwili. Dunia huipata Mirihi na kuipita kila baada ya siku 780 hivi, yaani miezi 26. Siku hizo Jua, Dunia na Mirihi huwa karibu kwenye mstari mmoja, sayari zote mbili zikiwa upande mmoja wa Jua, na hapo kutoa kuna maana. Takriban mwaka mmoja baadaye Mirihi huwa nyuma ya Jua tukiitazama kutoka hapa. Mstari unaotuunganisha nayo hupita kwanza kwetu hadi kwenye Jua, kisha kutoka kwenye Jua hadi Mirihi, na hapo hesabu sahihi ni kujumlisha: 1 + 1.524 = 2.524, ambayo ni kilomita milioni 378. Huyu ndiye mwanafunzi wetu wa tatu. Siku nyingine zote umbali uko mahali fulani kati ya hizo mbili.

Na yule wa pili, mwenye milioni 56? Jibu lake liko chini hata ya kile tulichokiita umbali mdogo kabisa, na bado amesema kweli. Sababu ni kwamba njia ya Mirihi ni duaradufu. Namba 1.524 ni wastani. Mirihi ikiwa karibu kabisa na Jua huwa kwenye au 1.38, na ikiwa mbali kabisa hufika 1.67. Tarehe 27 Agosti 2003 Dunia iliipita Mirihi ikiwa karibu na ncha yake ya ndani. Dunia ilikuwa kwenye au 1.01 hivi na Mirihi kwenye 1.38. Tofauti ya 0.37 ni kilomita milioni 55, na umbali uliokokotolewa kwa usahihi siku ile ulikuwa karibu milioni 55.8.

Linganisha na Januari 2025, Dunia ilipoipita Mirihi tena. Safari hiyo Mirihi ilikuwa inaelekea ncha yake ya mbali, kwenye au 1.62 hivi, na Dunia ilikuwa kwenye 0.98. Toa, utapata 0.64, na umbali wa siku ile ulikuwa karibu kilomita milioni 96. Mara zote mbili ilikuwa siku ya kukaribiana, lakini 2025 iliacha pengo la zaidi ya mara moja na nusu ya lile la 2003. Zoezi linalotumia wastani haliwezi kuiona tofauti hiyo, na halipaswi kulaumiwa kwa hilo mradi limesema wazi kwamba linatumia wastani.

Hapo ndipo mwandishi wa swali anapoweza kuwatendea haki wanafunzi wote watatu. Badala ya kuuliza "umbali kati ya Dunia na Mirihi", aandike hivi: "Chukulia kwamba njia za Dunia na Mirihi ni duara. Kwa kutumia umbali wa wastani ulio kwenye jedwali, na au 1 = kilomita milioni 149.6, tafuta (a) umbali mdogo kabisa na (b) umbali mkubwa kabisa kati ya sayari hizi mbili. Toa majibu kwa tarakimu tatu." Sehemu (a) ni kutoa, sehemu (b) ni kujumlisha, na kila moja ina jibu moja tu: milioni 78.4 na milioni 378. Mwanafunzi aliyekosea atakuwa amekosea hesabu, wala si kubahatisha alichokusudia mwalimu.

Jirani wa karibu ni nani?

Kwa wanafunzi wa sekondari waliokwisha kusoma pembetatu za pembe mraba, jedwali lilelile linaweza kuzaa swali moja zaidi, ambalo jibu lake huwashangaza hata walimu: kwa wastani wa muda mrefu, ni sayari gani iliyo karibu zaidi na Dunia?

Anayetoa tu atajibu Zuhura bila kusita, kwa sababu 0.277 ni tofauti ndogo kuliko zote. Sasa tuizungushe Zuhura na kuipima katika vituo vinne, Dunia ikiwa imesimama. Kituo cha kwanza ni upande wetu: 1 − 0.723 = 0.277. Cha pili ni nyuma ya Jua: 1 + 0.723 = 1.723. Vingine viwili ni pembeni, kulia na kushoto kwa Jua, ambapo mstari wa Jua hadi Dunia na mstari wa Jua hadi Zuhura hufanya pembe mraba. Hapo tunatumia kanuni ya Pithagorasi:

√(1² + 0.723²) = 1.234

Jumlisha vituo vyote vinne, 0.277 na 1.723 na 1.234 mara mbili, kisha gawanya kwa 4. Wastani ni au 1.12. Fanya hivyohivyo kwa Utaridi, yenye 0.387. Vituo vyake ni 0.613, 1.387, na 1.072 mara mbili. Wastani wake ni au 1.04. Mirihi, kwa hesabu hiyohiyo, inatoa 1.67.

Utaridi ndiyo iliyoshinda. Vituo vinne ni vichache, lakini havidanganyi sana. Mwaka 2019 watafiti watatu wa Marekani walichapisha hesabu kamili iliyofuata mwendo wa sayari kwa mfululizo, na wastani wao ulikuwa 1.04 kwa Utaridi, 1.14 kwa Zuhura na 1.70 kwa Mirihi. Kwa kilomita, baada ya kuzidisha kwa 149.6 na kukadiria kwa tarakimu tatu, ni milioni 156, milioni 171 na milioni 254.

Ukitazama vituo vya kila sayari utaiona sababu. Zuhura hutukaribia kuliko sayari nyingine yoyote, lakini kila inapokuwa ng'ambo ya Jua huwa mbali sana, na siku zake za ng'ambo si chache kuliko za upande wetu. Utaridi haitufikii karibu kiasi hicho, lakini pia haiwezi kwenda mbali, kwa kuwa njia yake ni fupi na imelikumbatia Jua. Jedwali lilikuwa na habari hiyo muda wote, katika namba mbili tu, 0.387 na 0.723. Kutoa peke yake hakungeweza kuitoa, maana kutoa huipima sayari katika siku moja nzuri na kuziacha siku nyingine zote bila kuhesabiwa.